Kiroba na shehena: vipimo viwili vya mtawanyiko kwenye ukurasa mmoja wa Mlingotini

Ukurasa ni wa daftari la mistari. Umepigwa picha kwa simu ukiwa juu ya mkeka wa kuanikia, ukatumwa kwa WhatsApp kutoka Mlingotini, kijiji cha wakulima wa mwani kusini ya mji wa Bagamoyo. Una namba kumi tu. Ni kilo za viroba kumi vya mwani mkavu, kila kiroba na mama mwenyewe, kama katibu wa kikundi alivyozisoma kwenye mizani ya kuning'iniza na kuzikadiria hadi kilo kamili:

24, 27, 25, 31, 26, 28, 23, 29, 27, 20

Chini yake ameandika "Jumla 260". Wakala wa mnunuzi alikuwa amelalamika: "Mama, viroba vyenu havilingani." Katibu akamrudishia swali: "Havilingani kwa kilo ngapi, baba?" Picha ilitumwa ili swali hilo lipate jibu, na yakarudi majibu matatu. Mwalimu mmoja alipiga hesabu kwa kalamu akapata 2.4. Kijana mwenye kikokotoo akapata 3. Mwingine aliyeingiza namba kwenye Excel akapata 3.16. Hakuna aliyekosea kujumlisha wala kutoa. Kila mmoja amejibu swali lake, na mimi nashikilia kwamba katibu alistahili jibu la mwalimu, ingawa vitabu vingi vya takwimu vingempa jibu la kijana.

Tuanze na la mwalimu. Jumla ni 260, viroba ni kumi, wastani ni kilo 26. Kila kiroba kina umbali wake kutoka hapo: 24 kimepungua kwa 2, 27 kimezidi kwa 1, 25 kimepungua kwa 1, 31 kimezidi kwa 5, na kadhalika hadi 20 kilichopungua kwa 6. Ukijumlisha vilivyozidi unapata 12, na vilivyopungua navyo vinatoa 12. Lazima vilingane, kwa sababu ndiyo maana ya wastani, na hapo hapo unajua kama kalamu imeteleza. Ukipuuza alama za kuzidi na kupungua, umbali wote ni 24. Gawa kwa kumi: 2.4. Huo ndio mkengeuko wastani.

Uzuri wa namba hii ni kwamba unaweza kuishika mkononi. Ukitaka viroba vyote kumi vilingane, itabidi uhamishe kilo 12 za mwani kutoka viroba vizito kwenda vyepesi, si zaidi na si pungufu. Hiyo 12 ni nusu ya ile 24, kwa sababu kila kilo inayotoka kwenye kiroba kizito inaziba pengo la kiroba chepesi. Mkengeuko wastani, kwa hiyo, ni kazi ya kusawazisha iliyogawanywa kwa idadi ya viroba. Katibu akiambiwa "kwa kawaida kiroba chenu kiko kilo mbili na ushee mbali na 26, na mkitaka kuvisawazisha mtahamisha kilo 12," ameelewa, na jioni hiyo hiyo anaweza kuwaita wenzake kuifanya kazi yenyewe.

Kuna na upande wa pesa. Wakala akinunua kwa kilo, mtawanyiko huu haumuumizi mtu: kila mama analipwa alicholeta. Lakini tuseme analipa kwa kiroba, kila kiroba kikihesabiwa kuwa kilo 26, na tuseme kilo ni shilingi 1,000. Mnunuzi hapati hasara wala faida, kwa kuwa jumla haibadiliki. Wanaoumia ni akina mama watano wenye viroba vya 27, 31, 28, 29 na 27. Kilo zao 12, yaani shilingi 12,000, zimekwenda kwa wale wanne walioleta pungufu. Mwenye 31 peke yake kapoteza shilingi 5,000. Hapa maumivu yanakwenda sambamba na umbali: kilo tano zinauma mara tano ya kilo moja. Pale ambapo hasara inakua hivyo, kilo kwa kilo, mkengeuko wastani ndio unaoieleza bila kuongeza chumvi.

Sasa la kijana. Yeye, au kikokotoo chake, alichukua kila umbali akauzidisha kwa wenyewe: 4, 1, 1, 25, 0, 4, 9, 9, 1, 36. Jumla 90. Akagawa kwa kumi akapata 9, kisha akatafuta kipeuo cha pili, akapata 3. Huo ni mkengeuko sanifu. Aliyetumia Excel alifanya hivyo hivyo ila aligawa kwa tisa badala ya kumi, ndipo ikatoka 3.16. Kugawa kwa tisa kuna maana pale viroba kumi vinapowakilisha vingine vingi ambavyo hukuvipima. Kama hivi kumi ndivyo vyote unavyovizungumzia, gawa kwa kumi. Nitatumia 3 hadi tutakapopakia gari.

Tazama kilichotokea kwenye ile 90. Viroba viwili tu, cha kilo 20 na cha kilo 31, vimechangia 36 na 25, yaani 61. Ni zaidi ya theluthi mbili ya hesabu nzima. Kwenye hesabu ya mwalimu viwili hivyo vilichangia 11 kati ya 24, chini ya nusu. Mkengeuko sanifu, basi, unasikiliza zaidi walio mbali. Sioni hilo kuwa kasoro, ni tabia yake, na kuna mahali tabia hiyo ndiyo inayotakiwa. Ila mtu akikuambia kwamba 3 ni "umbali wa kawaida wa kiroba kutoka wastani", amekudanganya kidogo. Umbali wa kawaida ni 2.4. Ile 3 imevutwa juu na viroba viwili.

Ili tofauti ionekane vizuri, weka pembeni ukurasa wa pili, ambao nautunga mwenyewe: viroba sita vya kilo 27, vitatu vya kilo 28, na kimoja cha kilo 14. Jumla ni 260 vile vile, wastani 26. Vilivyozidi ni 12, na kilichopungua ni kile kimoja, kwa 12. Mkengeuko wastani ni 2.4, hauna tofauti na wa ukurasa wa kwanza hata kidogo. Lakini mraba wa 12 peke yake ni 144, na vingine vinaongeza 18, jumla 162. Gawa kwa kumi, tafuta kipeuo, unapata 4.02.

Ukurasa upi umetawanyika zaidi? Mkengeuko wastani unasema ni sawa, na kwa kazi ya kusawazisha ni sawa kweli: kwenye kila ukurasa utahamisha kilo 12. Mkengeuko sanifu unasema wa pili umezidi kwa zaidi ya kilo nzima. Na mtu akiviangalia kwa macho pale ghalani atasema kinyume cha vyote viwili, kwamba ukurasa wa pili ndio uliolingana, isipokuwa hicho kiroba kimoja ambacho mwenyewe aliishiwa mwani. Nadhani mwenye macho ana haki. Hakuna namba moja inayoweza kusema "tisa ni sawasawa na kimoja ni cha ajabu". Lakini namba mbili zikikaa pamoja zinaweza.

Gawa mkengeuko wastani kwa mkengeuko sanifu. Kwenye ukurasa wa kwanza ni 2.4 kwa 3, yaani 0.80. Kwenye wa pili ni 2.4 kwa 4.02, yaani karibu 0.60. Uwiano huu hauwezi kamwe kuzidi 1. Data zilizotawanyika kwa umbo la kengele, zile ambazo nyingi ziko katikati na chache pembeni pande zote, hutoa karibu 0.80. Uwiano ukishuka kuelekea 0.60 kwenye namba kumi, shuku kwamba kuna moja iliyojitenga. Ukipanda kuelekea 1, umekutana na jambo jingine kabisa: viroba vitano vya kilo 23 na vitano vya kilo 29 vina mkengeuko wastani wa 3 na mkengeuko sanifu wa 3, uwiano 1 kamili. Hapo hakuna kiroba cha kawaida kilo 26, hakipo hata kimoja. Kuna makundi mawili, labda mizani mbili, labda viroba vya saizi mbili, na wastani wenyewe ndio unaopaswa kuhojiwa kabla ya kugusa mtawanyiko.

Kwa namba kumi usiuchukulie uwiano huo kama hukumu ya mahakama. Namba chache huyumba, na 0.72 au 0.86 si habari. Mimi huutumia kwa jambo moja tu: kuamua kama nirudi kwenye picha.

Na picha ndiyo tatizo ambalo mabishano mengi kuhusu vipimo hivi viwili huliruka. Namba zilizopigwa picha si namba zilizopimwa. Ni namba zilizosomwa mara ya pili, na mara nyingi zimesomwa vibaya. Kivuli cha mkono ulioshika simu kinaangukia pembe ya chini ya ukurasa. Wino wa kalamu ya bei nafuu unakatika kwenye kunjo la karatasi. WhatsApp nayo inaibana picha ili iwe nyepesi, na kinachopotea kwanza ni vitu vidogo, kama nukta ya desimali, au uwazi mdogo unaotofautisha 3 na 8.

Chukua hiyo 3 na 8. Kwenye ukurasa wetu, tuseme 31 imesomwa 81. Jumla inakuwa 310 na wastani 31. Sasa viroba tisa vyote viko chini ya wastani, na kimoja kiko juu kwa 50. Vilivyopungua navyo vinafika 50. Mkengeuko wastani ni 100 kwa kumi, yaani 10. Mkengeuko sanifu: miraba inafika 2,840, gawa kwa kumi, kipeuo chake ni 16.85.

Hapa nina ugomvi na wale wanaosifu mkengeuko wastani kwamba "hauyumbishwi na namba ya ajabu". Umetoka 2.4 hadi 10, zaidi ya mara nne! Mkengeuko sanifu umepanda mara tano na nusu hivi. Mmoja umeharibika, na mwenzake umeharibika zaidi kidogo. Sababu ni kwamba vyote viwili vimesimama juu ya wastani, na wastani wenyewe umeburutwa kutoka 26 hadi 31. Anayetaka kipimo kisichotikisika lazima aachane na wastani: apange viroba kwa ukubwa, achukue namba ya katikati, ambayo hapa ni 26.5, kisha apime umbali wa kila kiroba kutoka hapo na achukue umbali wa katikati. Jibu ni kilo 2, iwe kiroba kimesomwa 31 au 81. Tahadhari tu: programu nyingine huita kipimo hiki MAD, na nyingine huita hivyo ule mkengeuko wastani wa mwalimu. Kabla hujalinganisha jibu lako na la mwenzako, ulizaneni mmepima kutoka wapi.

Lakini kutotikisika kuna gharama yake kwenye kazi ya picha. Kipimo kisichohisi 81 hakikuambii kwamba kuna 81. Mkengeuko sanifu ukilia 16.85 kwa viroba vya mwani, na uwiano wake na mwenzake ukishuka hadi 0.59, unajua pa kwenda. Kwa namba zilizotoka kwenye picha, wepesi wa mkengeuko sanifu kushtuka ni faida, mradi uutumie kama kengele na usiuandike kwenye ripoti kama maelezo ya viroba.

Kengele hiyo nayo ina uziwi wake. Badala ya 31, tuseme kilichosomwa vibaya ni kile cha mwisho: 20 imeonekana kama 26 kwa sababu mwandishi ana mazoea ya kuanzia sifuri yake na mkia. Jumla inakuwa 266, wastani 26.6. Mkengeuko wastani unashuka hadi 1.8 na mkengeuko sanifu hadi 2.24. Uwiano? 0.80. Kila kitu kinapendeza. Viroba vinaonekana kulingana zaidi kuliko vilivyo, na hakuna kipimo cha mtawanyiko, kiwe cha mwalimu au cha kijana, kitakachokuamsha. Kosa linaloisogeza namba kuelekea katikati halionekani kwa njia hiyo.

Kinacholifichua ni ule mstari ambao wengi huukata wanapopiga picha: "Jumla 260". Umesoma 266, imezidi kwa 6. Tofauti yenyewe inakuelekeza. Sita ni 0 iliyosomwa 6, au 1 iliyosomwa 7, au 2 iliyosomwa 8, au 3 iliyosomwa 9, kwenye tarakimu ya mwisho. Basi angalia upya 26, 27, 28 na 29 ulizoandika, usisumbuke na 23 na 25. Ikizidi kwa 50, ni tarakimu ya makumi iliyopanda kwa tano, na hiyo karibu kila mara ni 3 iliyogeuka 8 au 2 iliyogeuka 7. Tofauti inayogawanyika kwa tisa huwa ni tarakimu zilizobadilishana nafasi, 31 ikaandikwa 13. Watunza hesabu wa zamani wanaijua hiyo kwa moyo. Kwa hiyo mpiga picha aweke jumla ndani ya fremu, asimame juu ya ukurasa badala ya kuupiga kwa ubavu, na aitume kama faili, kwa njia ya "Document", ili WhatsApp isiibane. Jumla haikamati makosa mawili yanayofutana, ila makosa hayo ni adimu kuliko kosa moja moja.

Namba zikishathibitishwa, kwenye Excel au Google Sheets hesabu ni mistari mitatu:

```
=AVEDEV(B2:B11)
=STDEV.P(B2:B11)
=STDEV.S(B2:B11)
```

Wa kwanza ni mkengeuko wastani, wa pili ni sanifu kwa kugawa kwa kumi, wa tatu kwa kugawa kwa tisa. Kwa uwiano niliousema, tumia wa kwanza na wa pili. Ukichanganya wa kwanza na wa tatu utapata 0.76 badala ya 0.80, na utaanza kutafuta mchawi asiyekuwepo. Vikokotoo vya shule vinatoa σx na sx, yaani hizo sanifu mbili, lakini havina kitufe cha mkengeuko wastani. Nina hakika kitufe hicho kimeamua mambo mengi kuliko hoja yoyote ya kitaalamu.

Hoja ya kitaalamu yenyewe ina historia ya kuvutia. Mwaka 1914 mtaalamu wa nyota wa Uingereza, Arthur Eddington, aliandika kwamba kwa kazi halisi mkengeuko wastani ni bora kuliko sanifu. Mwaka 1920 mwanatakwimu Ronald Fisher akamjibu kwa hesabu: data zikiwa na umbo la kengele kamili, mkengeuko sanifu unakadiria mtawanyiko kwa ufanisi zaidi, kiasi kwamba vipimo 100 ukiutumia wenyewe vinafanya kazi ya vipimo 114 ukitumia mkengeuko wastani. Vitabu vikamfuata Fisher. Mwaka 1960 mwanatakwimu mwingine, John Tukey, akaonyesha jinsi ushindi huo ulivyo mwembamba. Changanya kwenye data hizo safi vipimo takriban viwili tu katika elfu, vyenye mtawanyiko mara tatu ya vingine, na Eddington anakuwa mbele. Data safi kiasi hicho sijui nani anazo. Ukurasa uliopigwa picha kwenye mkeka hakika sio.

Hata hivyo, kwa viroba kumi ugomvi wa Fisher na Eddington hautubabaishi. Mkengeuko sanifu uliotokana na namba kumi una shaka ya kama robo yake: ile 3.16 ingeweza kuwa 2.4 au 3.9 kama wangepimwa mama kumi wengine wa kijiji hicho hicho. Mkengeuko wastani nao una shaka ya karibu kiasi hicho. Anayebishana kama ni 3 au 3.16 anabishania desimali ambazo ukurasa hauna uwezo wa kuzibeba. Kinachobaki kuamua ni swali lililoulizwa.

Na lipo swali ambalo mkengeuko wastani hauwezi kulijibu: la gari. Wakala anapakia viroba 25 vya aina hii na anataka kujua shehena itakuwa na uzito gani. Makisio ni 25 mara 26, kilo 650. Itayumba kwa kiasi gani? Mtu aliyezoea 2.4 atashawishika kuizidisha mara 25 apate 60. Atakuwa ameogopa bure, maana hiyo ni kana kwamba viroba vyote 25 vimezidi kwa pamoja au vimepungua kwa pamoja. Vikiwa vimejazwa na watu tofauti kila mmoja kivyake, vizito na vyepesi hufidiana. Mkengeuko sanifu unajua namna ya kuhesabu kufidiana huko: chukua mraba wake, zidisha kwa idadi, tafuta kipeuo. Mraba wa 3 ni 9, mara 25 ni 225, kipeuo chake ni 15. Shehena itakuwa kilo 650, mara nyingi ndani ya 15 juu au chini, na ni nadra kupita 30. Hapa viroba kumi vinawakilisha vingine, kwa hiyo kwa haki tungetumia 3.16 na kupata kama 16. Hakuna dereva atakayeiona tofauti hiyo.

Kwa nini mkengeuko wastani usitumike kwa kanuni yake yenyewe? Kwa sababu hauna kanuni. Rudi kwenye viroba vya 23 na 29, nusu kwa nusu. Mkengeuko wastani wa kiroba kimoja ni 3. Chukua viwili kwa bahati nasibu: jumla inaweza kuwa 46, au 52, au 52 kwa mpangilio mwingine, au 58. Wastani ni 52, umbali ni 6, 0, 0 na 6, na wastani wa umbali huo ni 3. Umeongeza kiroba, mkengeuko wastani haukusogea. Lakini viroba vyenye umbo la kengele ukiviunganisha viwili, mkengeuko wastani unapanda mara 1.41. Kanuni inabadilika kulingana na umbo la data, na kwa namba kumi umbo hulijui. Mkengeuko sanifu, katika hali zote mbili, unapanda mara 1.41 ile ile. Hiyo ndiyo sababu ya kweli ya umaarufu wake. Ule "umbali wa kawaida" unaosemwa darasani hauna nafasi hapa. Kinachoubeba ni kwamba miraba yake hujumlika, bila kuuliza umbo.

Kwa hiyo kwa swali la katibu, ningemjibu 2.4 na kumwambia habari ya kilo 12. Kwa wakala ningempa 15 ya gari zima na kumnyima ile 3, kwa kuwa hana cha kuifanyia.

Ila hiyo 15 ina sharti ambalo ukurasa mmoja hauwezi kulithibitisha: kwamba viroba vinayumba kila kimoja kivyake. Mwani haukubali sharti hilo siku zote. Mvua ikinyesha wakati wa kuanika, au mama wakiharakishwa kuufunga kabla haujakauka sawasawa, viroba vyote vinazidi pamoja. Tuseme unyevu wa siku huongeza au kupunguza kama kilo moja kwa kila kiroba. Kwenye gari la viroba 25 hiyo ni kilo 25, kubwa kuliko ile 15, na zikiunganishwa kwa miraba yake, 225 na 625, kipeuo cha 850 ni kama 29. Shaka ya shehena imekaribia kuwa mara mbili, na si mkengeuko wastani wala sanifu wa ukurasa ule uliosogea hata gramu, kwa kuwa kila namba imepanda pamoja na wastani wake. Mizani iliyoanzia kilo moja badala ya sifuri inajificha kwa njia hiyo hiyo. Wa kuifichua ni kurasa za siku nyingine: andika wastani wa kila ukurasa, 26, 27.5, 25.2, na upime mtawanyiko wa hizo wastani zenyewe. Kwa viroba kumi vyenye mkengeuko sanifu wa 3.16, wastani wa ukurasa unatarajiwa kuyumba kwa kilo moja hivi kwa bahati tu. Zikiyumba kwa mbili au tatu, muulize katibu ni siku zipi mvua ilinyesha, na kama mizani ilirudishwa sifuri kabla ya kiroba cha kwanza kuning'inizwa.